Je, wajua kwa nini sensa ya joto hudanganya taa inapowaka?

"Mashine yangu ya kutotoa vifaranga hapa Malindi inaonyesha 37. Taa ikiwaka tu, inaruka 39 na nusu. Mbona, na hewa ndani ni ileile?"

Sensa yako ni nzima, usiitupe. Kilichobadilika ni kipimo chenyewe. Sensa ya LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila digrii, kwa hiyo nyuzi 37.5 ni milivolti 375. Kigeuzi cha volti kuwa namba, kilichomo ndani ya bodi ya Arduino Uno, kina biti 10. Hukigawa kipimo chake, yaani volti rejea, katika vipande 1024, kisha huhesabu sensa imefika kipande cha ngapi. Usipokiambia vinginevyo, hutumia ile volti 5 ya umeme wa bodi.

Sasa relei ya taa na feni vinapokula umeme kwenye chaji ileile ya simu inayolisha bodi, volti 5 hushuka, tuseme 4.7. Vipande vinakuwa vidogo, na milivolti 375 zilizokuwa kipande cha 76 sasa zinafika cha 81. Programu, ikidhani bado ni volti 5, inasoma 39.6. Inazima taa, volti inapanda, joto "linashuka", inawasha tena. Ukisikia relei ikilia tak-tak-tak bila kutulia, ndiyo dalili. Na mayai yanabaki kwenye nyuzi 35 hivi, baridi kwao, huku wewe ukiamini yana joto. Hakikisha kwa mita: pima pini ya 5V taa ikiwa imewaka, kisha imezimwa.

Dawa ni kutumia rejea ya ndani ya volti 1.1, ambayo haiyumbishwi na chaji:

```
analogReference(INTERNAL);
int n = analogRead(A0);
float joto = n * 1.1 / 1024 * 100;
```

Hapo unapata faida ya pili. Kwa volti 5, kila kipande ni karibu nusu digrii, kikubwa mno kwa mayai, kwa 1.1 ni kama sehemu moja ya kumi. Ila hiyo 1.1 hutofautiana kati ya chipu na chipu, kuanzia 1.0 hadi 1.2. Ipime kwenye pini ya AREF, uandike namba uliyoipata. Usiunganishe umeme wa nje kwenye pini hiyo.

Ukiongeza sensa nyingine ya joto, termista ya kiloomu 100, kwenye pini nyingine, angalia jambo moja. Kigeuzi huchota volti kwenye kapasita ndogo ya ndani kwa takriban mikrosekunde 12 tu, na kimetengenezewa chanzo kisichozidi kiloomu 10. Chanzo kizito hakiwahi kuijaza vizuri, kwa hiyo usomaji hubaki na masalio ya pini iliyotangulia. Soma mara mbili, utupe wa kwanza, au weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na GND.