Juma anahesabu chenji kwa kupanda

Naandika hadithi za watoto wa darasa la kwanza na la pili hapa Dodoma. Ninayoimalizia sasa ni ya Juma, anayemsaidia bibi yake kuuza kwenye kibanda huko Nkuhungu. Kilichonichukua muda ni bei ya sabuni.

Nimeiweka 650, na mteja anatoa noti ya 1,000. Chenji ya 350 inatoka kwa sarafu tatu tofauti: 50, 100 na 200. Kama sabuni ingekuwa 700, mtoto angeikwepa hatua inayomsumbua zaidi, ya kutoka kwenye hamsini hadi mia kamili.

Wauzaji wengi hawasumbuki kutoa 650 kwenye 1,000. Wanaanzia kwenye bei, wanapanda mpaka wafike kwenye noti. Bibi anamfundisha Juma hivyo hivyo:

"Sabuni ni 650," bibi anasema.
Juma anaweka 50. "Mia saba."
Anaweka 100. "Mia nane."
Anaweka 200. "Elfu moja!"
"Mama, chenji yako."

Bei nimeiandika kwa tarakimu kwa makusudi. Msomaji ambaye bado anaunganisha silabi akikutana na "mia sita na hamsini", akifika mwisho ameshasahau alikoanzia. Majibu ya Juma ni mafupi, kwa hiyo hayo anayasoma kwa maneno.

Kabla ya kupatia, Juma anakosea, na kosa lake nimelichagua kwa uangalifu kwa sababu watoto wengi hulifanya. Anaweka 50 ya kwanza huku akisema "650", yaani anaitaja bei na kuweka sarafu kwa wakati mmoja. Anaongeza 50 nyingine, "mia saba", kisha 100, kisha 200. Midomo yake imefika elfu moja sawasawa, lakini mezani pana 400. Akisikiliza hesabu yake tu, hataliona kosa.

Bibi hamkemei. Anaisogeza sabuni pembeni ya sarafu na kusema, "Mjukuu wangu, jumlisha vyote." 650 na 400 ni 1,050, na mama alitoa 1,000. Hamsini imezidi. Kisha anamwonyesha: taja bei mkono ukiwa mtupu, ndipo uguse sarafu ya kwanza.

Kwa mchoraji nimeomba sarafu zichorwe moja moja, kila moja na namba yake, zisirundikwe. Zikirundikwa, mtoto huhesabu vipande na kujibu "tatu" badala ya 350. Noti ya 10,000 nimeiacha nje kabisa. Njia ni ile ile, ila hatua zinakuwa nyingi mno kwa msomaji wa umri huu.

Ukurasa wa mwisho hauna jibu. Mteja mwingine anachukua karanga za 850, anatoa 1,000, na Juma anamgeukia msomaji: "Naanza na ipi?"