Mstari wa upeo: kwa nini mtu uliyemwingiza kwenye picha anaonekana anaelea

Mtu akikatwa kwenye picha moja na kupachikwa kwenye nyingine, mtazamaji humshtukia kabla hata hajajua sababu. "Huyu kawekwa," anasema. Rangi zinaweza kuwa sawa na kingo zimekatwa vizuri, lakini kimo chake na mahali nyayo zake zilipo havikubaliani. Vitu hivyo viwili vinafungwa pamoja na kitu kimoja: mstari wa upeo.

Mstari wa upeo ni mstari wa mlalo unaopita kwenye picha katika kimo cha lenzi. Chochote kilicho juu sawasawa na lenzi, kiwe karibu au mbali, huangukia kwenye mstari huo. Kamera ikishikwa mita 1.5 kutoka chini, na uwanja ukiwa tambarare, mstari utampita mtu wa mita 1.70 kidevuni. Utampita kidevuni akiwa hatua tano mbele ya kamera, na kidevuni pia akiwa mwisho wa uwanja. Mtu wa mita 1.60 utampita karibu na macho. Mtoto wa mita 1.20 atakuwa chini ya mstari mzima mzima, popote asimame.

Kwa hiyo ukishajua mstari ulipo na kamera ilikuwa juu kiasi gani, huna haja ya kukisia ukubwa. Chagua mahali pa nyayo, kisha kokotoa:

```
urefu wa mtu (px) = umbali kutoka upeo hadi nyayo (px) × urefu wa mtu (m) ÷ urefu wa kamera (m)
```

Tuchukue picha ya familia iliyopigwa uani Uyole, Mbeya, na kaka mmoja yuko mbali, anatakiwa aingizwe. Picha ina pikseli 6000 kwa 4000, imepigwa kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili. Kamera haikuinamishwa, hivyo upeo uko katikati, pikseli 2000 kutoka juu. Ilikuwa kwenye kimo cha mita 1.5. Kaka ana mita 1.70, na pengo liko pale ambapo nyayo zitakuwa kwenye pikseli 3200. Kutoka upeo hadi nyayo ni pikseli 1200. Zidisha kwa 1.70, gawa kwa 1.5: urefu wake ni pikseli 1360. Utosi unaangukia kwenye 1840, yaani pikseli 160 juu ya upeo. Ukitaka kumrudisha nyuma ya wengine, nyayo zikiwa kwenye 2600, umbali ni 600 na urefu wake unakuwa 680. Nyayo zikipanda, mtu anapungua. Ukimsogeza bila kubadilisha ukubwa ndipo anapogeuka jitu au kibeti. Kwenye Photoshop bonyeza `Ctrl+T` na upunguze urefu na upana kwa asilimia ile ile.

Nyayo zenyewe pimia katikati ya soli mbili, si kwenye ncha ya kiatu kilicho mbele. Na kama nyasi zimefunika soli za wengine, zifunike na zake, maana mtu mmoja akionyesha soli nzima juu ya nyasi ataonekana anaelea hata kama hesabu ni sahihi.

Sasa, upeo wenyewe utaupata wapi? Hapa ndipo Nyanda za Juu Kusini zinapowapotosha wengi. Ufukweni upeo unaonekana kwa macho, ni pale bahari inapokutana na mbingu. Mbeya, pale mbingu inapokutana na ardhi ni mgongo wa mlima, na mgongo wa mlima si upeo. Mlima Loleza una kimo cha mita 2,656, na mji uko kwenye mita 1,700 hivi. Ukiwa kilomita 5 kutoka kileleni, kilele kipo kama mita 900 juu ya lenzi yako. Kwenye picha yetu hiyo ni zaidi ya pikseli 700 juu ya upeo wa kweli. Anayeweka mstari mlimani atapima pikseli 1920 hadi nyayo badala ya 1200, na kaka atatoka na pikseli 2176. Amekuwa mtu wa mita 2.7 katikati ya ndugu zake.

Upeo wa kweli utafute kwenye vitu vilivyojengwa kwa pima maji. Chora mistari miwili kufuata kozi za matofali, ukingo wa bati au vizingiti vya madirisha vya ukuta mmoja unaokwenda mbali. Mistari hiyo inakutana mahali fulani, na upeo unapita hapo. Mataruma na reli za TAZARA mahali palipo sawa zinafaa vilevile. Barabara ya mlima haifai: ukipiga picha Kitonga ukitazama upandako, kingo za lami hukutana juu ya upeo, na ukitazama bondeni hukutana chini yake. Amini nyumba, usiamini barabara.

Kimo cha kamera, kama hukukipima, kipo pichani. Kama mama wa mita 1.60 anapitwa na upeo machoni, kamera ilikuwa karibu mita 1.5. Pima watu wawili au watatu. Majibu yakitofautiana sana, ardhi haiko sawa.

Na huku ardhi mara nyingi haiko sawa. Iringa mjini nyumba nyingi ziko mteremkoni. Kaka akisimama nusu mita chini ya usawa wa miguu ya mpiga picha, upeo utampita kwenye mita 2 kutoka nyayo zake, yaani juu ya kichwa chake. Hesabu ya hapo juu itadanganya, isipokuwa ugawe kwa 2 badala ya 1.5. Njia salama zaidi ni kumtumia jirani kama rula: mtu aliyesimama umbali uleule kutoka kamera, mwenye kimo unachokijua. Akiwa na mita 1.60 na pikseli 1280, kila mita hapo ni pikseli 800, hivyo kaka ni 1360.

Kinachobaki ni kitu ambacho hesabu haikitengenezi, nacho ni picha ya kaka yenyewe. Nayo ina upeo wake, na lazima umpite kwenye kimo kilekile cha mwili, mita 1.5. Lakini hata hapo umbali unaweza kuharibu kazi. Kwenye uwanja wetu kaka amesimama mita 5 kutoka kamera, na lenzi inaziangalia nyayo zake kwa pembe ya kama digrii 17. Akipigwa kwa simu kutoka mita 2, pembe ni digrii 37: viatu vinaonekana kutoka juu, ncha zikielekea chini, kama mtu aliye kwenye mteremko. Na simu ikiinamishwa ili viatu viingie pichani, kichwa nacho kinakua na miguu inapungua, kwa sababu uso uko mita 2 kutoka kwenye lenzi na miguu iko mita 2.5. Kukuza au kupunguza hakurekebishi hilo, wala kubadili lenzi, maana linatokana na mahali kamera iliposimama na jinsi ilivyoinamishwa.

Mwambie apigwe upya: kamera mita 1.5 kutoka sakafuni, mpiga picha mita 5 mbele yake, sakafu iliyo sawa, mwili mzima mpaka viatu. Kama picha ni ile moja tu ya karibu, mweke nyuma ya waliosimama mbele, miguu ifichwe na miili yao, na umpime kwa kichwa na mabega kulingana na jirani yake.