Cha juu asilimia 20, faida asilimia 8: hesabu ya gunia moja la mchele

Mwaka jana mama mmoja mwenye duka la mchele Mbagala, Dar es Salaam, alinijia na daftari mbili na swali moja. "Mwanangu, zamani nilikuwa nauza gunia thelathini kwa mwezi, sasa nauza tisini. Mbona hela siioni?"

Nimewaandikia vitabu vya hesabu wafanyabiashara wadogo kwa miaka mingi, na swali hilo nimelisikia kwa wauza vitenge, wauza vipuri vya pikipiki na wauza vinywaji. Wengi huamini wanaibiwa na kijana wa duka. Mara nyingine ni kweli. Kwa mama huyu kijana hakuwa na kosa. Mwizi alikuwa kwenye bei. Ameniruhusu nieleze hesabu yake, ila nimezungusha tarakimu ili zisomeke kwa urahisi.

Nilianza kwa kumuuliza bei yake anaipangaje. Akajibu bila kusita: ananunua kule Ubaruku, Mbeya, kwa shilingi 2,000 kwa kilo, anaweka cha juu asilimia 20, anauza 2,400. "Kwa hiyo kwenye kila mia, ishirini ni yangu."

Hapo kuna makosa mawili yaliyolaliana, na dogo ndilo linaloonekana kwanza. Cha juu hupimwa kwa bei ya kununulia, lakini hela inayoingia kwenye droo ni ya kuuzia. Shilingi 400 ni asilimia 20 ya 2,000, ila ukiipima ndani ya 2,400 ni asilimia 16.7. Hiyo ya pili, yaani sehemu ya faida ndani ya bei ya kuuza, ndiyo inayolipa pango na mshahara. Waliosoma biashara huiita "majini", neno ambalo kwetu sisi lina wenyewe, kwa hiyo nitaendelea kusema faida ndani ya bei. Ukitaka asilimia 20 ndani ya bei, cha juu lazima kiwe 25. Ukitaka 50 ndani ya bei, cha juu ni 100, yaani unauza mara mbili ya ulichonunulia. Anayesema "naweka ishirini" kisha anapiga bajeti ya nyumbani kwa ishirini ya mauzo, anatumia hela ambayo haipo.

Kosa kubwa ni ile 2,000 yenyewe. Mchele wa 2,000 uko Ubaruku. Duka liko Mbagala.

Tulichukua gunia moja la kilo 100 tukalifuatilia njia nzima. Kununua, 200,000. Nafasi kwenye lori, 11,000. Makuli wa kupakia kule na wa kushusha huku, 2,000. Ushuru, gunia na kushona, 3,000. Jumla 216,000 gunia linapogusa sakafu ya duka. Kisha tukafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: tukapima kilo zinazotoka kwa mteja. Gunia la kilo 100 lilikuwa linatoa kilo 98 za kuuza. Mbili zilipotea kwenye kuchekecha, kwenye mchele unaomwagika na kwenye ile nyongeza ya kiganja anayopewa kila mteja. Nyongeza ni adabu ya biashara, simwambii mtu aiache, lakini ina bei.

Gawanya 216,000 kwa 98, si kwa 100. Kila kilo anayoiuza imemgharimu 2,204. Akiuza 2,400 anabaki na 196. Hiyo ni asilimia 8.2 ndani ya bei, si 20, wala hata si 16.7. Yule mama alinyamaza, akaomba kikokotoo, akapiga mwenyewe mara mbili.

Sasa tazama ukuaji ulivyoingia. Wakati wa gunia thelathini alikuwa anauza kilo 2,940 kwa mwezi, rejareja tupu. Mauzo yalikuwa 7,056,000, na faida ya mchele 576,000 hivi. Pango, kijana mmoja, umeme na mlinzi vilikula 550,000. Alibaki na kama 26,000, na katika hiyo yeye mwenyewe hajajilipa. Duka lilikuwa linapumua kwa shida, ila halikuwa linazama.

Kisha wakaja wenye migahawa na mama lishe. Walitaka mchele kila wiki, kilo 20 au 25, uliopimwa na kufikishwa, na hela mwisho wa wiki. Aliwapa kwa 2,250. Kichwani mwake alikuwa bado anapata 250 kwa kila kilo, na wingi ungefidia. Sasa weka gharama halisi: 2,250 ukitoa 2,204 zinabaki 46. Bajaji ya kusambaza ilikuwa inakula wastani wa 60 kwa kilo. Kila kilo iliyokwenda mgahawani ilitoka na shilingi 14 zake. Akapeleka kilo 5,880 kwa mwezi, hasara 82,000, na kwa kuwa kazi ilimzidi akaajiri kijana wa pili kwa 180,000. Mauzo yakapanda kutoka milioni 7 hadi zaidi ya milioni 20. Ile 26,000 ikageuka kuwa hasara ya kama 236,000 kila mwezi.

Watu husema wingi hufidia udogo wa faida. Hufidia pale tu ambapo kilo moja ina faida, hata kama ni shilingi tano. Ikiwa kilo moja inatoka na hasara, wingi unaizidisha hasara hiyo hiyo.

Lakini kwa nini hakuiona kwa miezi sita? Hapa ndipo pa kukaa, maana hasara ya aina hii haiumi mapema. Mzigo wake alikuwa anauchukua kwa mali kauli: muuzaji wa Ubaruku anampa, analipa baada ya mwezi. Akiwa na gunia thelathini, muda wote alikuwa ameshika kama milioni 6 za mtu. Alipofika tisini, alishika milioni 18. Kwa hiyo ukuaji ulimwingizia mkononi milioni 12 ambazo si zake. Hata ukitoa deni la migahawa la wiki moja, kama milioni 3.3, bado kulikuwa na fungu nene kati ya droo, simu na stoo. Hasara ya 236,000 kwa mwezi ndani ya fungu hilo ni kama kuchota kikombe kwenye pipa. Alilipa mzigo wa Januari kwa mauzo ya Februari, akalipa ada ya shule katikati, na kila kitu kilionekana kinakwenda.

Siku ya hukumu ni siku ukuaji unaposimama. Kwake ilikuja muuzaji alipopunguza mali kauli. Mzigo uliopungua ulitakiwa ulipe deni la mzigo uliokuwa mkubwa, na hapo likaonekana pengo: milioni 1.4 za hasara zenyewe, na juu yake alichokuwa akichukua nyumbani akidhani ni faida.

Kwa hiyo usiangalie droo. Kuna kipimo kinachosema kweli, na kinataka jioni moja tu kwa mwezi. Tarehe ile ile kila mwezi, baada ya kufunga, hesabu hela zote za mkononi, benki na simu. Ongeza mzigo uliopo, kwa bei iliyokugharimu, si ya kuuzia. Ongeza unachodai, ukiacha wale ambao moyoni unajua hawatalipa. Kisha toa kila unachodaiwa, mali kauli ikiwa ya kwanza. Kinachobaki ndicho chako. Linganisha na mwezi uliopita, ukirudishia ulichochukua nyumbani. Mauzo yakipanda huku namba hiyo inashuka, unakua kwa hasara. Mama alipofanya zoezi hili mara ya kwanza, nilimwona akiiandika mali kauli kwa herufi ndogo kabisa.

Bei sahihi hupatikana kwa kugawanya, si kwa kuongeza. Ukitaka faida ya asilimia 15 ndani ya bei, chukua gharama halisi ugawanye kwa 0.85. 2,204 kwa 0.85 ni 2,593, tuseme 2,600. Tatizo ni kwamba duka la ng'ambo ya barabara lilikuwa linauza 2,450. Hesabu haimlazimishi mteja. Inakuambia tu kwamba kwa bei ya mtaa wako utapata kiasi fulani, na kama hakitoshi, utafute nafuu kwenye gharama au uache sehemu ya biashara hiyo.

Rejareja tukapandisha hadi 2,450. Wateja wachache waliondoka, kilo zikashuka hadi 2,800, lakini faida ya kilo ikapanda kutoka 196 hadi 246. Shilingi 50 inaonekana ndogo ukiitazama kwenye bei. Kwenye faida ni robo nzima. Ndivyo ilivyo na punguzo pia. Ukimwachia mteja 100 kwenye 2,400, umempa zaidi ya nusu ya 196 yako, na lazima uuze zaidi ya mara mbili kurudi ulipokuwa.

Migahawa tukaipa 2,350 ikiwa na usafiri. Zaidi ya nusu ya kilo bado zilinunuliwa, kama 3,000 kwa mwezi, kila moja ikiacha 86. Waliokataa hatukuwafuata. Jumla ya faida ya mchele ikawa 946,000, gharama za duka na vijana wawili 730,000, akabaki na kama 216,000. Mauzo yalikuwa yameshuka kutoka milioni 20 hadi chini ya milioni 14. Shoga zake walimpa pole.

Msomaji wa Kenya aongeze jambo moja. Kodi ya mauzo kwa wafanyabiashara wadogo huko imekuwa asilimia 3 tangu Julai 2023, nayo hukatwa kwenye mauzo ghafi, uwe na faida au huna. Kwa duka lenye faida ya asilimia 8.2 ndani ya bei, zaidi ya theluthi yake inakwenda hapo kabla ya pango. Kwa kilo iliyouzwa kwa hasara, unailipia kodi hasara yenyewe. Iweke kwenye gharama ya kilo tangu mwanzo.

Na gharama ya kilo haikai. Mchele hushuka wakati wa mavuno na kupanda kadiri maghala yanavyopungua, kwa hiyo bei ya kupigia hesabu ni ya safari ijayo, si ya mzigo uliopo sakafuni. Wiki iliyopita mama alinipigia simu kutoka Ubaruku. Kilo ilikuwa imefika 2,120, na kabla sijasema neno alikuwa ameshajumlisha lori, makuli na ushuru, akagawanya kwa 98. Alichotaka kujua ni kama wale wa migahawa awaambie leo au Jumatatu.