“Nilizima Jana”: Maswali na Majibu Kuhusu Pombe na Kumbukumbu Isiyoandikwa

Jumamosi harusini kwa binamu yangu nilikunywa bia mbili na toti nne za pombe kali. Nakumbuka mpaka keki inakatwa, baada ya hapo giza, nikajikuta kitandani asubuhi. Nilizimia ukumbini?

Haielekei. Waulize uliokuwa nao meza moja. Nina hakika watakwambia ulicheza, ulipiga soga, pengine ulibishana na dereva wa bajaji kuhusu nauli na ukamshinda. Aliyezimia hafanyi hayo. Huanguka, hulala, haitiki akiitwa. Wewe ulikuwa macho muda wote, ila ubongo wako uliacha kuandika.

Tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe. Mtaani tunasema “nilizima” kwa mambo mawili yasiyofanana: kulala fofofo kwa pombe, na kutokumbuka ulichofanya ukiwa macho. Hapa naongelea la pili.

Fikiria duka la rejareja. Muuzaji yuko kaunta, anahudumia, anarudisha chenji, anataniana na wateja. Karani wa daftari amelala nyuma ya magunia. Biashara inakwenda vizuri tu, lakini asubuhi ukifungua daftari, ukurasa ni mweupe. Huyo karani ndani ya kichwa anaitwa hipokampasi. Ni sehemu ndogo ya ubongo, moja kila upande, ndani kabisa usawa wa masikio. Kazi yake ni kuchukua yanayotokea sasa hivi na kuyageuza kuwa kumbukumbu ya kudumu. Pombe ikipanda sana inavuruga mawasiliano ya seli za hapo, wakati sehemu za kuongea, kutembea na kukumbuka mambo ya zamani bado zinajikongoja. Ndiyo maana mlevi wa aina hii anaweza kukutajia namba ya simu ya mama yake bila kukosea, na kesho asikumbuke kwamba alikutajia.

Kama sikuwa naandika kitu, niliwezaje kuongea na watu?

Kwa sababu kumbukumbu ya dakika moja mbili haitegemei karani yule kwa kiasi hicho. Unashika sentensi ya mwenzako, unaijibu, inapotea.

Jambo hili lilipimwa Marekani. Mwaka 1970 daktari wa magonjwa ya akili Donald Goodwin na wenzake walichapisha jaribio la wanaume kumi, wengi wao wanywaji wa siku nyingi, waliopewa pombe kali kwa muda wa saa nne hivi. Wakiwa wamelewa walionyeshwa vitu vya kuchezea na vipande vya filamu, kisha wakaulizwa walichoona baada ya dakika mbili, baada ya nusu saa, na kesho yake. Baada ya dakika mbili wengi walijibu. Ilipofika nusu saa, nusu ya watu hao hawakuwa na habari kabisa, hata kwamba walionyeshwa kitu, na kesho yake hali ilikuwa ileile. Kumbe kumbukumbu haikufutwa usingizini. Ilikuwa haijawahi kuandikwa.

Kwa hiyo ukitaka kumgundua mtu aliye katika hali hiyo, kuangalia kama anayumba hakutoshi. Sikiliza kama anarudia. Mimi ni tabibu, na usiku mmoja nilimshona kidole kijana aliyekatwa na chupa. Alikuwa mchangamfu, ananieleza habari za mpira kwa ufasaha kuliko watangazaji wengine. Lakini kila baada ya dakika chache aliuliza, “Daktari, simu yangu iko wapi?” Nikamwonyesha, iko mkono wake wa kulia. Akacheka, akashukuru, akauliza tena. Mara tano. Ukimwona mwenzako hivyo, mwambie jambo moja jepesi, mfano “funguo zako ninazo mimi”, halafu baada ya dakika kumi muulize funguo ziko wapi. Akikosa, usimkabidhi pikipiki wala asiende peke yake na mtu asiyemjua, hata kama anatembea kama askari wa gwaride. Akipata si hakikisho kwamba yuko salama, maana hali hii huja na kuondoka usiku huohuo.

Kaka yangu alikunywa vilevile, chupa kwa chupa, toti kwa toti, na anakumbuka kila kitu. Mbona mimi tu?

Tupige hesabu, kwa makadirio. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe halisi. Toti ya mililita 30 yenye asilimia 40 ina kama gramu 9 na nusu. Kwa hiyo kila mmoja wenu alikunywa gramu 78. Tuseme mlikunywa ndani ya saa mbili.

Pombe husambaa kwenye maji ya mwili, na mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji machache kuliko wa mwanaume wa uzito uleule. Kama wewe ni mwanamke wa kilo 55, pombe yako inasambaa mahali panapolingana na kilo 30 hivi. Kaka mwenye kilo 80 ana kama 54. Gawanya, kisha toa kile ambacho ini limeshaondoa, takriban gramu 0.15 kwa lita kila saa. Wewe unabaki na kama gramu 2.3 za pombe kwa kila lita ya damu, yeye kama 1.1. Upotevu wa kumbukumbu huonekana zaidi kuanzia kwenye gramu 1.6 hivi kwa lita na kuendelea. Yeye amelewa lakini yuko chini ya mstari. Wewe umeuvuka mbali.

Mstari wenyewe si ukuta. Wapo wanaopoteza vipande mapema zaidi, na wapo wanaofika mbali bila kupoteza kitu. Tafiti za mapacha zilizofanyika Australia zilionyesha kwamba karibu nusu ya tofauti hiyo kati ya mtu na mtu inatokana na urithi.

Kwa hiyo ni kiasi tu? Mbona siku nyingine nimekunywa zaidi ya hapo na sikusahau?

Hukuniambia kama ulikula. Harusini kwetu watu hushinda saluni na kwenye kumbi wakipamba, chakula kinatoka saa nne usiku, vinywaji vinaanza saa moja. Tumbo tupu huipitisha pombe haraka hadi kwenye utumbo mwembamba, na huko ndiko inakoingia kwenye damu kwa kasi. Chakula kikiwepo huizuia tumboni kwa muda, kikimpa ini nafasi.

Na kasi ndiyo hasa inayomwangusha karani. Pombe ikipanda polepole, ubongo hupata muda wa kujirekebisha kidogo, na wewe hupata muda wa kusikia kichwa kizito na kuacha. Ikipanda ghafla, kwa toti za “shusha yote” zinazofuatana, unafika juu kabla ya dalili yoyote kukuonya. Zile gramu 78 ukizitandaza kwa saa sita juu ya sahani ya pilau, hesabu inashuka mpaka kama 1.7 au chini yake. Bado ni nyingi kwako, uko mpakani, lakini si mlima ule wa saa mbili.

Kitu kingine ninachouliza wagonjwa ni dawa. Diazepamu na ndugu zake wa usingizi na wasiwasi huharibu uandikaji wa kumbukumbu hata bila pombe. Zikichanganywa, bia mbili zinaweza kutosha kufuta usiku mzima, na hatari kubwa zaidi ni kwamba pumzi nayo inashuka. Na kama ulikunywa kidogo sana, hukuwa kwenye dawa, na bado kuna shimo kubwa, usiipachike pombe lawama yote. Kuwekewa kitu kwenye glasi, kugonga kichwa, degedege la kifafa na sukari kushuka kwa mwenye kisukari vyote huacha shimo linalofanana. Nenda upimwe siku hiyohiyo, kwa sababu vitu vingi vinavyowekwa kwenye vinywaji hupotea mwilini haraka.

Mimi nina miaka kumi na tano kwenye hii kazi ya kunywa. Siyumbi, sitapiki. Hayo ni ya watoto wanaojifunza, au sivyo mzee?

Ndugu yangu, wewe ndiye ninayekuhofia. Mwili uliozoea pombe hujifunza kutembea nayo na kuongea nayo. Hipokampasi haijifunzi kwa kiwango hicho. Unapata mtu aliyenyooka, anayeaminika kupewa ufunguo wa gari, na nyuma ya macho hakuna anayeandika. Mwanafunzi wa pombe angeshatapika na kulala kabla ya kufika hapo.

Baadhi ya mambo yanarudi marafiki wakinikumbusha. Yote yatarudi?

Yale yanayorudi ni kwa sababu yaliandikwa nusunusu. Ukitajiwa wimbo uliokuwa unapigwa, kipande kinaibuka. Hiyo ndiyo hali ya kawaida zaidi. Lakini kama ni shimo kamili, saa tatu bila hata kivuli, hakuna kitakachorudi, hata ukiombewa. Na angalia: ukisimuliwa mara nyingi, ubongo huanza kukuchorea picha, nawe ukaapa kwamba unakumbuka. Kama kuna jambo la polisi usiku ule, andika unachokijua wewe mwenyewe kabla hujasikia simulizi za wengine.

Mume wangu akilewa ananipiga. Asubuhi anasema hakumbuki, na anaapa. Ananidanganya?

Dada, inawezekana hakumbuki kweli, na inawezekana anadanganya. Hakuna kipimo cha asubuhi kinachoweza kututenganishia hayo mawili. Lakini jibu la swali hilo halibadilishi unachodhani linabadilisha. Kukosa kumbukumbu kesho hakumaanishi kwamba jana hakujua anachofanya. Alijua ni mkono wake, alijua ni wewe. Huenda alifunga mlango kwanza ili majirani wasisikie. Pombe ililegeza breki, na karani akashindwa kuandika, lakini muuzaji alikuwa kaunta. Majeraha yako yaandikishwe kituo cha afya sasa, yangali mabichi. Hiyo karatasi itakumbuka kwa niaba ya nyote wawili.

Na akizimia kweli, nitajuaje kwamba si usingizi tu?

Mwite, mfinye bega. Asiposhtuka, hiyo peke yake ni hospitali. Akishtuka kidogo kisha akalala tena, hesabu pumzi zake kwa dakika moja kamili. Chini ya nane, au pengo la zaidi ya sekunde kumi kati ya pumzi na pumzi, ni hospitali. Kadhalika ngozi ikiwa ya baridi, au midomo, fizi na kucha zikigeuka rangi ya majivu au bluu. Mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke. Usimmwagie maji wala kumnywesha kahawa. Na usimwache alale chumbani peke yake kwa kuwa “amekunywa ya mwisho”: pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata akiwa amelala.