Kibao cha Taksim na msomaji wa Kiarabu

Nilitumiwa picha ya kibao kutoka Istanbul, eneo la Taksim. Kilikuwa na mistari mitatu, kila mmoja na mshale wake: Taksim Meydanı, İstiklal Caddesi, Kabataş. Kazi yangu ilikuwa kuyaandika majina hayo kwa Kiarabu kwenye ramani ya wageni.

Nilianza na Kabataş. Maana yake ni kama jiwe lisilochongwa, lakini nikiandika الحجر الخشن nitakuwa nimempoteza mgeni. Dereva wa teksi halijui jina hilo, na kituoni mgeni anasikia «Kabataş». Jina la namna hii linahitaji kusikika, kwa hiyo naliandika kwa sauti yake: كاباتاش.

Meydanı na Caddesi ni kitu kingine. Hayo yanataja aina ya mahali, uwanja na barabara, na mgeni anataka kujua anaelekea wapi kati ya hivyo viwili. Nayatafsiri: ميدان na شارع. Ile -ı na ile -si za mwisho ni viambishi vya sarufi ya Kituruki tu. Ukizihamishia kwenye Kiarabu, msomaji atadhani ni sehemu ya jina.

Taksim ndilo lililonichukua muda. Anayefuata herufi za kwenye picha ataandika تاكسيم, na Mwarabu ataona jina geni kabisa. Kumbe neno lenyewe ni la Kiarabu, lina maana ya kugawa, kwa sababu hapo ndipo maji ya mji yalipokuwa yakigawiwa tangu karne ya 18. Waturuki waliandika kwa herufi za Kiarabu hadi 1928, na wao waliliandika kwa qaf: تقسيم. Waarabu wanaliandika hivyo mpaka leo, basi nikaandika ميدان تقسيم. İstiklal nayo ni hivyo hivyo: شارع الاستقلال ni tafsiri, lakini sauti ya jina la kibaoni imo ndani yake.

Kwa hiyo kabla ya kunukuu sauti nauliza kwanza jina limetoka wapi. Kadıköy, ng'ambo ya pili ya mji, ni kijiji cha kadhi, kadhi huyu huyu tunayemjua sisi. Naandika قاضي كوي: kadhi anaonekana, na köy inabaki kwa sauti.

Pana pahali utaratibu huu unakwama. Mnara wa Galata umezoeleka kwa Kiarabu kama برج غلطة, lakini غلطة bila irabu husomeka pia «kosa». Sithubutu kubuni tahajia mpya, maana msomaji akiitafuta kwenye ramani nyingine huenda asiipate. Ninachofanya ni kuacha neno برج mbele ili ajue ni mnara, kisha chini yake, kwa herufi ndogo, Galata Kulesi kama kibao cha huko kinavyosema, ili alinganishe kwa macho akifika.