Sutie "imekaa": maana yake ikiwa mwilini

Tukisema sidiria, au sutie kama tunavyoiita hapa Bukavu, imekaa, maana yake ni kwamba mkanda wa chini ya matiti ndio unaobeba uzito, na bretele za mabegani zinasaidia kidogo tu. Lebo haiwezi kukuambia hilo. Ni lazima uivae.

Mdogo wangu alinunua sutie ya 95B soko la Kadutu, akaja analalamika kwamba bretele zinamkata mabega. Nikamwambia ageuke. Mgongoni mkanda ulikuwa umepanda juu, ilhali mbele umeshuka. Mkanda unatakiwa uzunguke mwili kwa usawa mmoja. Nikamshushia bretele zote mbili mikononi, na vikombe vikaanguka papo hapo. Basi mkanda haukuwa umeshika kitu. Bretele zilibeba kila kitu, na kadiri alivyozikaza ndivyo zilivyouvuta mkanda juu. Ndiyo sababu mimi huanza na mkanda. Ukiwa umelegea, sehemu nyingine zote zitakudanganya.

Tukarudi sokoni kutafuta 90C: namba ni ya mkanda, herufi ni ya kikombe. Ukipunguza mkanda hatua moja, unapandisha herufi moja, ndipo nafasi ya kikombe inabaki ileile. Alifunga kulabu za nje kabisa, kwa kuwa mpira wa mkanda hulegea kwa kufuliwa, na zile za ndani ni za baadaye. Kisha akainama mbele, akaingiza mkono ndani ya kikombe na kuvuta nyama ya upande wa kwapa ikae mahali pake. Watu wengi huruka hatua hii, wakaishia kupima titi nusu.

Aliposimama, mkanda ulikuwa sawa mbele na nyuma. Lakini kile kipande cha katikati, kinachounganisha vikombe viwili, kilikuwa mbali na kifua. Kidole changu kilipita chini yake bila shida. Mkanda ukiwa imara na kipande hicho bado kinaelea, mara nyingi vikombe ni vidogo, matiti yanausukuma waya wa chini ya vikombe mbele. Ukingo wa juu ulisema hivyohivyo: ulikata titi, juu yake pakatokea uvimbe kama titi la pili.

Alipovaa 90D, kipande kiligusa mfupa wa kifua, na ukingo ukalala laini. Tukalegeza bretele mpaka vidole viwili vikapita chini yake bila kubanwa, wala hazikuteleza begani.

Sutie isiyo na waya haidaiwi kugusa mfupa, na mwenye matiti yaliyokaribiana sana huenda kipande hicho kisimguse hata saizi ikiwa yake. Na ukiona ukingo umeacha uwazi, usikimbilie kikombe kidogo: inama tena, vuta nyama ya kwapa, kaza bretele kidogo. Uwazi ukibaki, huenda titi limepungua ujazo upande wa juu, kama baada ya kunyonyesha, na linahitaji kikombe chenye ukingo wa chini zaidi, saizi ileile.