Kidonda cha operesheni: msimwagie kapsuli

*Majibu ya muuguzi wa chumba cha kusafishia vidonda, Tanga*

"Nilipasuliwa hospitali, kila kitu kisafi. Sasa mshono umetunga usaha. Hao wadudu wametoka wapi?"

Wengi wao ulikuja nao mwenyewe. Bakteria aina ya stafilokokasi huishi kwenye ngozi na puani bila kukusumbua, mpaka kisu kiwafungulie njia. Kwa mama wa operesheni ya uzazi wapo pia wanaopanda kutoka ukeni, hasa kama chupa ilipasuka na uchungu ukachukua saa nyingi. Mikono ya wahudumu na vifaa visivyochemshwa vizuri navyo huleta. Maambukizi haya huhesabiwa ndani ya siku 30 baada ya upasuaji, na kwa kawaida huonekana ukiwa umesharudi nyumbani.

"Mbona mwenzangu tulipasuliwa siku moja na yeye amepona?"

Pengine una kisukari kisichodhibitiwa, unavuta sigara, una uzito mkubwa au damu yako ni pungufu. Na wapo wanaojinyoa kwa wembe usiku wa kuamkia operesheni, ili wafike wasafi. Nawaomba muache. Wembe huacha michubuko midogo ambayo macho hayaioni, na bakteria huzaliana humo usiku kucha. Oga kwa sabuni, basi. Kama nywele zinazuia kazi, zitapunguzwa hospitali kwa mashine.

"Kwa nini nilichomwa sindano ya antibayotiki kabla ya kukatwa, wakati sikuwa na ugonjwa?"

Kwa sababu dawa lazima iwe imeshafika ndani ya nyama kabla kisu hakijagusa ngozi. Ukikatwa, mishipa midogo ya damu hukatika na kuziba, damu huganda pale, na bakteria walioingia hukaa humo. Dawa ikitangulia, inakuwamo hata katika damu hiyo iliyoganda. Ikichelewa, inazunguka mwili mzima lakini pale haifiki vizuri.

Daktari Burke wa Marekani alilionyesha hili mwaka 1961 kwa simbilisi. Aliwachoma stafilokokasi kwenye ngozi. Waliopata antibayotiki kabla walibaki na alama ndogo tu, lakini waliopata saa tatu baadaye vidonda vyao vilikuwa sawa na vya wasiopewa kabisa. Shirika la Afya Duniani linataka dawa itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kukata. Sefazolini, antibayotiki inayotumika sana, hupungua haraka mwilini, hivyo hutolewa ndani ya dakika 60 za mwisho, na operesheni ikipita saa nne hurudiwa.

"Basi nipeni na vidonge vya siku tano, si nitalindwa zaidi?"

Hapana. Kama operesheni ilikuwa safi na hakukuwa na maambukizi, dozi ile ya kabla imeshafanya kazi yake. Vidonge vya baadaye vinakuletea kuharisha na kufundisha bakteria usugu. Aliyepasuliwa kidole tumbo kilichokwisha kupasuka ni habari nyingine: yeye anatibiwa, halindwi, na dawa zake amalize.

"Mshono unatoa maji kidogo. Bibi anasema nimwage unga wa kapsuli na nikandwe maji ya moto."

Usimwage. Mwambie bibi kwa adabu, shikamoo yake mpe, lakini usimwage.

Mama mmoja aliletwa kwetu siku ya 12 baada ya operesheni ya uzazi. Siku ya 5 mshono ulianza kuwa wa moto na kuuma upande mmoja. Dukani wakamuuzia kapsuli, zikafunguliwa na kumwagwa juu kila asubuhi, na jioni akakandwa. Alipofika, unga ulikuwa umekauka ukawa gamba gumu la njano, na nyumbani walilifurahia wakidhani kidonda kimefunga. Tulipolilowesha kwa maji ya chumvi likabanduka, usaha ukamiminika kutoka chini. Ngozi pembeni ilikuwa imeungua kwa maji ya moto. Ilibidi nyuzi zifunguliwe, usaha utolewe, na kidonda kijazwe shashi kila siku kwa wiki tatu. Angekuja siku ya 5, pengine tungefungua nyuzi mbili tu.

Kapsuli haimwagwi kwenye kidonda. Juu ya usaha ni kifuniko tu, na usaha ukifunikwa huchimba kwenda ndani. Hata kama jirani alipona, usimwage.

"Nisubiri mpaka lini ndipo nije?"

Usisubiri. Mshono ukizidi kuuma badala ya kupungua, ukivimba, ukiwa wa moto, ukitoa usaha au harufu, au ukipata homa, njoo siku hiyo hiyo. Ikiwa ni jumapili, njoo jumapili. Ukiwa Pangani au Mkinga, anza kituo cha karibu, na kidonda ukifike nacho kama kilivyo: kitambaa kisafi juu yake, na kisipakwe kitu chochote.